Ruhusa ya cherehani si ruhusa ya saluni: hoja za mpangaji na za mwenye nyumba

"Nimepanga chumba kimoja Mbagala, nyumba ya vyumba vinne, LUKU ni moja. Nashona nguo na pia najua kusuka. Nikimwomba mama mwenye nyumba nifanyie kazi humo chumbani, ana haki ya kukataa? Na akikubali akanipandishia kodi, ni sawa?"

Haki ya kukataa anayo, hasa kama mkataba una ule mstari unaoandikwa karibu kila mahali Dar es Salaam: chumba kitatumika kwa makazi tu. Aliyeutia saini mstari huo kisha akageuza chumba kuwa mahali pa kazi bila kuuliza amempa mwenye nyumba sababu halali ya kumtoa, na hata shauri likifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, karatasi hiyo ndiyo itakayosomwa kwanza. Lakini kuwa na haki ya kukataa ni jambo moja, na kukataa kwa sababu ya maana ni jingine. Ombi hili huharibika kwa sababu pande zote mbili hulizungumza kwa neno moja, "biashara", wakati ndani yake mna kazi tatu zisizofanana: kushona, kusuka, na kutengeneza nywele kwa dawa na draya. Mwenye nyumba husikia "biashara" akaona foleni ya watu barazani na umeme unaokwisha Jumatano. Mpangaji naye husema "ni kashughuli kadogo tu" bila kutaja hata kifaa kimoja. Hapo hakuna kinachopimika.

Tuanze na umeme, maana katika nyumba za LUKU moja ndiko ugomvi mwingi unakoanzia, na ndicho kitu pekee katika ombi hili ambacho kina hesabu kamili.

Watu wengi huogopa cherehani. Cherehani ya kukanyaga haitumii umeme wowote, na hata ikifungwa mota ndogo ya wati 100, mota hiyo huzunguka pale tu mguu unapokandamiza pedali. Fundi anayekaa kwenye mashine saa 6 kwa siku hutumia muda mwingi kupanga kitambaa, kukata uzi na kugeuza pindo. Mota yenyewe huenda ikazunguka kama saa 2. Hiyo ni sehemu mbili za kumi za uniti kwa siku, kama uniti 5 kwa mwezi wa siku 26 za kazi. Kinachokula umeme kwa fundi nguo ni pasi. Pasi ya kawaida ya wati 1,000 ikiwa imechomekwa saa 2 kwa siku, hujiwasha na kujizima yenyewe kulingana na joto, na mara nyingi hula kama nusu ya muda huo. Inakuwa uniti 1 kwa siku, uniti 26 kwa mwezi. Ongeza taa ya jioni, unafika uniti 32.

Kusuka kwa mikono ni chini ya hapo. Msusi anahitaji taa, kioo, kiti na maji ya moto ya kuchovya ncha za rasta. Jagi la umeme la wati 1,500 huchemsha lita moja na nusu kwa dakika kama 6, nayo ni chini ya sehemu mbili za kumi za uniti. Kwa wateja wawili kila siku, mwezi mzima hauzidi uniti 8 au 9.

Sasa angalia draya. Draya ya kukaa ya wati 1,000 ikiwaka dakika 40 kwa kila kichwa, wateja watatu kwa siku, ni uniti 2. Ile ya mkono ya wati 1,500, dakika 10 kwa kila kichwa, inaongeza robo tatu ya uniti. Weka na maji ya moto, siku moja inafika uniti 3 na kitu. Kwa mwezi ni uniti 83 hivi. Mtu huyohuyo, katika chumba kilekile, akitoka kwenye kusuka akaingia kwenye draya, matumizi yake yanazidi mara tisa. Ndiyo maana ruhusa ya kusuka haiwezi kuchukuliwa kuwa ni ruhusa ya saluni, na mwenye nyumba anayekubali kwa mdomo "sawa, fanya kazi zako za nywele" amekubali asichokijua.

Bei nayo ina mtego ambao wapangaji wengi hawauoni mpaka uwanase. Wateja wa kawaida wa TANESCO wasiotumia kidogo huingia kundi la T1: shilingi 292 kwa uniti, na ukiongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, inafika kama shilingi 356. Kwa bei hiyo fundi nguo wa uniti 32 ameongeza kama shilingi 11,400 kwa mwezi, na mtengeneza nywele wa uniti 83 ameongeza kama 29,600. Katika nyumba ya vyumba vinne inayogawana umeme sawa kwa sawa, zile 11,400 za fundi zikiachwa zigawanywe, kila jirani anamlipia 2,850 bila kuulizwa. Jirani hataijua namba hiyo. Atajua tu kwamba umeme siku hizi unawahi kuisha, na siku alipoweka wa 5,000 ukakatika kesho yake jioni, atamtazama mwenye cherehani hata kama mlaji ni friji la chumba cha pili.

Mtego wenyewe uko kwenye nyumba ndogo zilizo kundi la D1. Huko uniti ni shilingi 100, au 122 ukijumlisha tozo, ilimradi nyumba isizidi uniti 75 kwa mwezi. Nyumba ya vyumba viwili inayotumia uniti 60 inalipa shilingi 7,320 tu. Fundi akiongeza uniti zake 32, nyumba inafika 92. Zile 17 zilizozidi zinatozwa shilingi 350 kila moja kabla ya tozo, na matumizi yakiendelea hivyo nyumba huhamishiwa T1, ambako uniti 92 ni karibu shilingi 32,750. Kwa hiyo pasi moja imeipandishia nyumba nzima gharama kwa zaidi ya shilingi 25,000, wakati mpangaji anaamini ametumia umeme wa 11,000. Mwenye nyumba anayekataa kwa sababu hii ana hoja nzito, na hakuna hesabu ya mpangaji inayoipangua isipokuwa akubali kubeba tofauti yote, au atumie pasi ya mkaa.

Kujua nyumba iko kundi gani ni rahisi. Nunua umeme wa shilingi 5,000, lakini si kwa mara ya kwanza katika mwezi, maana mara ya kwanza hukatwa na kodi ya jengo. Ukipata uniti 41 hivi, uko D1. Ukipata 14, uko T1.

Ikiwa nyumba tayari iko T1, na nyumba nyingi za vyumba vinne na kuendelea ziko huko, mambo ni mepesi. Suluhisho safi ni mita ndogo ya chumba inayofungwa na fundi umeme kwenye waya unaoingia kwa mpangaji. Kila mwisho wa mwezi namba inasomwa mbele ya watu wawili, inazidishwa kwa bei ya uniti, basi. Pasipo mita ndogo, inawezekana kupima kifaa kwa kutumia LUKU yenyewe. Kwenye uso wa mita kuna kitaa kidogo chekundu kinachopepesa, na karibu yake pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh. Maana yake kitaa kikipepesa mara 1,000, uniti moja imekwenda. Zima kila kitu ndani ya nyumba, chomeka pasi peke yake, hesabu kwa dakika moja wakati pasi inapasha. Pasi ya wati 1,000 itapepesa mara 17 hivi. Ukiona 34, hiyo si pasi ya wati 1,000, ni ya 2,000, na ahadi ya uniti 26 imeshavunjika kabla ya kazi kuanza. Mama mwenye nyumba akisimama hapo akahesabu mwenyewe, mazungumzo yanabadilika kabisa, maana sasa anajua anachokubali.

Umeme una upande wa pili ambao si wa fedha. Vyumba vingi vya kupanga vina soketi moja, na waya wake mara nyingi ni ule mwembamba wa milimita moja na nusu uliokusudiwa taa, tena umepita vyumba viwili au vitatu kabla ya kufika. Waya huo hauvumilii zaidi ya wati 3,000 hivi kwa pamoja. Draya wati 1,000, jagi 1,500, na jirani akawasha pasi yake ya 1,000 kwenye waya huohuo, tayari mmezidi. Dalili hujionyesha mapema: taa inafifia pasi inapowashwa, plagi inakuwa ya moto ukiishika, plastiki ya soketi inageuka rangi ya kahawia, kunakuwa na harufu kama ya samaki aliyeungua. Breka ikiruka mara kwa mara, hiyo inafanya kazi yake. Hatari kubwa ni pale mtu anapoibadilisha kwa breka kubwa zaidi ili isiruke, ilhali waya ni uleule. Mpangaji anayetaka draya anapaswa kuomba waya wa milimita mbili na nusu uvutwe moja kwa moja kutoka kwenye swichi kuu hadi chumbani kwake, na mjadala wa nani analipa uwe sehemu ya ombi. Maoni yangu ni kwamba mpangaji alipe, maana hitaji ni lake, lakini kiasi hicho kikatwe kidogokidogo kwenye kodi ikiwa waya utabaki nyumbani atakapohama. Kwa fundi nguo mwenye pasi moja, soketi nzima na isiyoshirikiana na jiko la jirani inatosha.

Ukiondoa umeme, kelele ndiyo hoja kubwa dhidi ya cherehani, na ni hoja ya kweli kuliko wanavyokiri mafundi. Nyumba nyingi za uswahilini hazina dari, na kuta za kati haziendi hadi kwenye bati. Sauti inapanda juu ya ukuta na kushuka chumba cha pili. Mtu aliyelala upande wa pili anasikia mlio wenyewe, na kama mashine imegusana na ukuta anasikia pia mtetemo kitandani kwake. Oveloki ni mbaya zaidi. Sehemu ya kero hii inatibika: mashine iwekwe kwenye ukuta wa nje au wa ukumbini, mbali na ukuta wa jirani, miguu yake ikanyage kipande cha zulia nene au mpira wa tairi, na itiwe mafuta ya cherehani mara kwa mara, kwa sababu mashine kavu hulia. Sehemu isiyotibika ni saa za usiku. Wiki mbili kabla ya Idi na kabla ya Krismasi, na kila penye sare za harusi, fundi hukesha. Mpangaji anayeahidi "nitafunga saa 2 usiku" mwezi wa tatu, anajua mwenyewe kwamba usiku wa kuamkia sikukuu ahadi hiyo haitasimama. Ni bora aseme tangu mwanzo: siku za kawaida mwisho saa 3 usiku, na katika siku kumi kabla ya sikukuu mwisho saa 5, baada ya hapo ni kazi ya mkono tu, vifungo na pindo. Ombi linalotaja siku zake mbaya huaminika kuliko linaloahidi utulivu wa mwaka mzima.

Kwenye nywele kelele si tatizo. Tatizo ni maji, na watu.

Kuosha kichwa kilichopakwa dawa hutumia karibu ndoo nzima ya lita 20, maana dawa isipotoka vizuri inaunguza ngozi. Vichwa vitatu kwa siku ni ndoo tatu, na kama nyumba inanunua maji kwa ndoo au inagawana bili ya DAWASA, hiyo ni hesabu nyingine inayohitaji mwenyewe. Maji hayo yanakwenda wapi? Nyumba yenye shimo moja la choo na karo lisilo na bomba la maana haiwezi kupokea lita 60 za maji ya sabuni na dawa kila siku bila shimo kuwahi kujaa, na gari la kunyonya majitaka halimlipishi mtengeneza nywele peke yake. Nywele zenyewe na vipande vya rasta vinavyoanguka huingia karoni, vikashikana na sabuni, na baada ya wiki chache maji yanasimama bafuni. Chujio la waya mdomoni mwa karo na mfuko wa taka usiofunguka hupunguza tatizo, ila havipunguzi ujazo wa shimo. Hapa mwenye nyumba anayesema hapana yuko sahihi, na mpangaji hana jibu zuri la kumpa. Anachoweza kuomba ni kusuka tu, wateja waje wameshaosha nywele nyumbani kwao, na mteja wa dawa apelekwe saluni ya mtaani. Wasusi wengi hufanya hivyo na kazi inakwenda.

Kuhusu watu, msusi ana mzigo ambao fundi nguo hana. Mteja wa nguo hukaa dakika 15, akapimwa, akaondoka, akarudi kuchukua. Mteja wa rasta ndogondogo hukaa saa 5 hadi 8, mara nyingi na mtoto, mara nyingine na rafiki wa kumpigisha soga. Atahitaji choo. Atapita ukumbi uleule ambao jirani anapita na taulo kutoka kuoga. Mlango wa mbele utakuwa wazi mchana kutwa, na kitu kikipotea kwa yeyote, macho yanamgeukia mwenye wageni. Kwa hiyo idadi ya wateja kwa wakati mmoja ina uzito kuliko idadi yao kwa siku. Mmoja anayesukwa na mmoja anayesubiri ni kiasi ambacho ukumbi wa nyumba ya vyumba vinne unaweza kubeba. Watatu barazani tayari ni saluni, hata kama hakuna kibao.

Hili linaleta upande wa tatu ambao mara nyingi husahaulika. Wenye nyumba wengi hawaishi kwenye nyumba wanazopangisha, au wameacha dalali au ndugu wa kukusanya kodi. Ruhusa ya mtu anayeishi Tabata haimlindi mpangaji wa Mbagala dhidi ya jirani anayezima swichi kuu kila ukishika pasi. Utaratibu unaofaa ni kuanza na majirani, chumba kwa chumba, kabla ya kupiga simu kwa mwenye nyumba. Ukimwambia "mama, shikamoo, nina ombi, na wenzangu wa vyumba vitatu nimeshazungumza nao, hesabu ya umeme nitaisimamia mwenyewe", umempunguzia hofu yake kubwa, ambayo ni kupigiwa simu za malalamiko usiku.

Sasa kodi. Wenye nyumba wana desturi ya kutazama bei ya fremu na kusema, kama unafanya biashara basi lipa kama wanavyolipa wenye fremu. Tuseme chumba ni shilingi 60,000 kwa mwezi, na fremu ya jirani ni 120,000. Mwenye nyumba anataka 90,000, katikati. Inasikika kama haki, lakini vitu vinavyolinganishwa havifanani. Fremu ina mlango wa barabarani, mara nyingi LUKU yake, ruhusa ya kibao, na mpangaji wake halali humo. Mpangaji wa chumba hapati hata kimoja kati ya hivyo. Analipa ongezeko kwa kitu ambacho tayari alikuwa amekilipia, yaani sakafu anayosimama. Kwa upande mwingine, mwenye nyumba anayesema nyumba yake itachakaa zaidi hasemi uongo: sakafu ya simenti chini ya cherehani inachimbika, rangi ya ukuta nyuma ya kiti cha msusi inachakaa kwa mafuta ya nywele, kitasa cha mlango wa mbele kinafunguliwa mara nyingi zaidi, na choo kinajaa haraka.

Naona njia ya haki ni kutenganisha gharama na bei. Gharama zilizo wazi, yaani umeme, maji na mchango wa ziada wa kunyonya shimo, azibebe mpangaji zote kwa hesabu, nje ya kodi. Uchakavu ulindwe kwa amana, mathalani kodi ya mwezi mmoja, inayorudishwa chumba kikipakwa rangi na sakafu ikiwa nzima. Ongezeko la kodi lenyewe liwe na kitu kinachotolewa badala yake: baraza la mbele la kuweka mashine mchana, chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani, au ruhusa ya kibao. Kwa baraza, 10,000 au 15,000 juu ya 60,000 inaeleweka. Kwa kuendelea kukaa chumba cha nyuma kilekile na kulipa umeme wako mwenyewe, 30,000 haieleweki, na mpangaji afanye hesabu ya kuhama kabla ya kukubali. Fundi anayepata faida ya 4,000 kwa gauni anatakiwa kushona karibu magauni 8 kila mwezi kulipia tu ongezeko hilo.

Kuna hofu ya mwenye nyumba ambayo mara nyingi haitamkwi, nayo ni ya serikali. Mpangaji akienda kuchukua TIN au leseni ya biashara ya halmashauri na kuandika chumba hicho kuwa mahali pa biashara, ataombwa mkataba wa pango. Mkataba ukifika TRA unaleta ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka, na kodi ya zuio, asilimia 10. Kwa chumba cha 60,000 pango la mwaka ni 720,000, hivyo stempu ni 7,200 na zuio ni 72,000. Kodi ya zuio ni ya mapato ya mwenye nyumba, mpangaji huikata na kuiwasilisha tu, lakini wenye nyumba wengi husema wazi kwamba fedha yao waipate kamili. Asiyelizungumzia hili mapema hujikuta ameongezewa 6,000 kila mwezi baadaye, au ananyimwa mkataba wa maandishi kabisa. Kwa anayeanza, mauzo yasiyofika shilingi milioni 4 kwa mwaka, kama 333,000 kwa mwezi, kodi ya makadirio ya mapato ni sifuri, kwa hiyo kinachomgharimu mwanzoni ni mambo ya pango kuliko kodi yake mwenyewe. Mwenye nyumba ana haki ya kuambiwa kabla, si kushtukizwa na karatasi. Mpangaji naye ana haki ya kutobebeshwa kinyemela ongezeko kwa jina la "kodi ya TRA" ambayo haiwasilishwi popote, aombe risiti.

Wakati wa kuomba nao una uzito. Dar watu hulipa miezi 3, 6 au 12 kwa mpigo. Ukiomba siku mbili baada ya kulipa miezi 6, mwenye nyumba hana haraka ya kukubali, na akikataa huna pa kwenda na fedha iko kwake. Ukiomba mwezi mmoja kabla ya kulipa tena, kila upande bado una cha kuchagua. Na iombwe kabla ya kununua draya au oveloki, kwa sababu mtu mwenye mashine mpya chumbani huomba kwa unyonge na kukubali sharti lolote.

Ruhusa ikipatikana iandikwe, ukurasa mmoja unatosha, nakala mbili, saini za wote wawili na shahidi, mjumbe au jirani. Maneno yake yataje vifaa kwa jina. Kitu kama hiki:

"Mwenye nyumba anamruhusu mpangaji wa chumba cha mbele kulia kushona nguo chumbani humo kwa cherehani moja na pasi moja isiyozidi wati 1,000. Wateja wasizidi wawili kwa wakati mmoja. Kazi ya mashine mwisho saa 3 usiku, isipokuwa siku kumi kabla ya Idi na Krismasi, mwisho saa 5. Mpangaji atalipa umeme wake kwa kusoma mita ndogo kila tarehe 1. Nguo za wateja ni dhamana ya mpangaji. Majaribio ni miezi 3. Baada ya hapo, upande wowote ukitaka kusitisha utatoa taarifa ya mwezi mmoja kwa maandishi, na kodi iliyolipwa haitaathirika."

Sentensi ya nguo za wateja inaonekana ndogo lakini imegombanisha watu. Bati likivuja, vitenge vya sare ya harusi vikachafuka, mteja anamdai fundi, fundi anamdai mwenye nyumba, na mwenye nyumba anasema alipangisha mahali pa kulala. Fundi anunue sanduku la plastiki lenye kifuniko na aliweke juu ya meza, si sakafuni, na paa linalovuja litengenezwe kabla ya ruhusa kuanza.

Ile miezi 3 ya majaribio inawafaa wote wawili. Mwenye nyumba anayeogopa anaweza kukubali kitu chenye mwisho. Mpangaji anapata muda wa kuona kama kazi ina wateja wa kutosha kabla ya kuvuta waya mpya. Na sentensi ya mwisho, kwamba kodi iliyolipwa haitaathirika, inazuia jambo linalotokea sana: ruhusa kufutwa mwezi wa pili na mpangaji kuambiwa ahame, huku miezi minne aliyokwisha kuilipa ikizungushwazungushwa.

Kinachobaki ni kukua. Ruhusa iliyoandikwa kwa cherehani moja haihami na kuwa ruhusa ya mbili, wala haibebi msaidizi anayekuja asubuhi na kuondoka jioni, wala mashine ya kiwandani yenye mota ya wati 400. Kila kimoja kati ya hivyo kinabadilisha umeme, kelele au idadi ya watu ukumbini, na kinahitaji mstari mpya chini ya ule ukurasa, wenye tarehe na saini. Fundi akijikuta anaomba mstari wa tatu ndani ya mwaka mmoja, hesabu ya fremu ya 120,000 yenye LUKU yake huenda tayari inamfaa kuliko chumba cha 60,000 chenye majirani watatu.